Uzi: Kisanduku kipya kilipoingia 1987, watazamaji walihama au hawakuwepo tangu mwanzo?

#1 Kibaraza cha Tanga

Wakuu salaam. Nafundisha masomo ya habari chuoni, na kila mwaka nikifika mada ya kuhesabu watazamaji wa televisheni wanafunzi wananibana na swali ambalo sina jibu lake. Nalileta hapa kwa sababu najua humu kuna watu wa redio, wa takwimu na walioko ughaibuni.

Ni hivi. Marekani, kwa miaka mingi, kampuni ya Nielsen ilipima watazamaji kwa njia mbili. Kulikuwa na kisanduku kinachofungwa kwenye televisheni, na kulikuwa na daftari ambalo familia ilijaza kwa wiki nzima: nani katazama nini, saa ngapi. Mwaka 1987 wakaleta kisanduku cha vitufe. Kila mtu wa nyumba ana kitufe chake, akikaa kutazama anabonyeza, akiondoka anabonyeza tena. Namba za watazamaji, zile ratings, za vituo vitatu vikubwa, ABC, CBS na NBC, zikaanza kushuka. Mwanzoni mwa 1990 zikashuka kwa namna iliyozua ugomvi mkubwa, vituo vikisema kipimo ni kibovu na wanunuzi wa matangazo wakisema kipimo ndicho kimeanza kusema kweli.

Nani alikuwa sahihi? Watu walihama kweli, au daftari lilikuwa linawahesabu watu wasiokuwepo?

#2 Nyota ya Jioni

Mimi ratings najua zile za filamu, za watoto wasiozidi miaka 13, wasiozidi 16, na zile za wakubwa tu. Bodi ya filamu ndiyo inapanga, sio kampuni.

#3 Kibaraza cha Tanga

Hapana dada, hizo ni za kupanga umri. Hapa tunazungumzia kuhesabu watu wangapi wametazama kipindi, ili kituo kijue kimtoze bei gani mwenye tangazo.

#4 Mwana Pangani

Jibu ni rahisi. Daftari ni kumbukumbu, na kumbukumbu inapenda majina makubwa. Mtu akikaa Jumapili kujaza wiki nzima, anakumbuka kipindi maarufu cha Alhamisi hata kama siku hiyo alilala mapema. Vile vituo vidogo vya kebo alivyopitia dakika kumi kumi havikumbuki kabisa. Kilipokuja kisanduku, uongo ukaanikwa juani na vituo vikubwa vikashuka. Kesi imekwisha, fungeni uzi.

#5 Fundi Masafa

Mwana Pangani, tabia ya daftari umeieleza vizuri, ila umeibebesha mzigo usio wake. Kabla ya 1987, namba ya *nyumba* kwa taifa zima haikutoka kwenye daftari. Ilitoka kwenye mashine. Daftari lilikuwa kwenye sampuli nyingine, nyumba nyingine kabisa, na kazi yake ilikuwa kusema katika nyumba hizo waliokaa mbele ya televisheni ni wanawake, wanaume au watoto, na wa umri gani. Kampuni ilichukua idadi ya nyumba kutoka kwenye mashine, ikachukua mgawanyo wa watu kutoka kwenye madaftari, ikazidisha.

Kwa hiyo kama namba ya wanawake wa miaka 25 hadi 54 ilishuka, unaweza kulilaumu daftari. Kama namba ya nyumba ilishuka, daftari halihusiki, kwa sababu mashine ya zamani nayo haikuwa na kumbukumbu. Ilinakili tu kama televisheni imewashwa na iko chaneli gani. Na kilichowatoa watu jasho mwaka 1990 ni nyumba. Idadi ya nyumba zilizowasha televisheni ilionekana kupungua, na vituo vikauliza: watu hawa wamezima televisheni wakaenda wapi?

Mashine yenyewe ina historia nzuri. Iliitwa Audimita. Arthur Nielsen aliinunua mwaka 1936 kutoka kwa wahadhiri wawili wa chuo cha MIT, Robert Elder na Louis Woodruff. Ilikuwa ya redio. Huduma ya redio ikaanza 1942, ya televisheni 1950. Kuna kipindi ilinakili kwenye filamu ndogo iliyo ndani ya mkebe. Familia ilichomoa mkebe, ikautuma kwa posta, na ilipochomeka mpya mashine ilidondosha sarafu mbili za senti 25. Ndiyo iliyokuwa ahsante yao. Mwaka 1973 wakahamia mashine zilizounganishwa na waya wa simu, kompyuta ikizipigia usiku na kuzisoma, namba zikapatikana kila siku.

#6 Mwana Pangani

Nimekuelewa mkuu, sampuli mbili tofauti sikulijua hilo. Lakini bado nasema daftari lilidanganya.

#7 Mama Zawadi wa Minesota

Jamani mimi nilijaza hilo daftari. Lililetwa kwa posta, ndani ya bahasha kulikuwa na noti za dola moja moja, chache tu, na barua ya adabu sana. Hiyo ilikuwa kabla binti yangu wa pili hajaanza shule. Kampuni siitaji.

Niwaeleze lilivyo ndani, maana naona mnaongea kama hamjawahi kulishika. Kila siku ina kurasa zake. Upande wa kushoto saa zimekatwa robo robo: saa kumi na mbili kamili, na robo, na nusu, kasorobo. Kuna sehemu ya kuandika kituo, namba ya chaneli na jina la kipindi. Halafu kuna safu wima za watu wa nyumba, juu unaandika jina, jinsia na umri. Mtu akitazama unaweka alama ya X, akiendelea unavuta mstari kwenda chini mpaka alipoacha. Televisheni ikiwa imezimwa nako kuna mahali pa kuonyesha. Maelekezo yalisema andika kama mtu ametazama dakika tano au zaidi katika ile robo saa. Na kila televisheni ina daftari lake.

Sasa kilichotokea nyumbani. Jumatatu nilijaza vizuri. Jumanne vizuri. Jumatano nilikuwa zamu ya usiku hospitali, nikarudi nikalala. Alhamisi nikakaa nikajaza siku mbili kwa kumuuliza mume wangu. Mume wangu anasema "nilitazama habari," kumbe alitazama mpira saa tatu nzima, kijana wangu ndiye aliyeniambia baadaye, na nilikuwa nimeshafunga bahasha. Watoto ndio usiseme. Niliwawekea mstari mrefu wa katuni Jumamosi asubuhi kwa sababu televisheni ilikuwa inaongea, lakini nusu ya muda walikuwa uani.

Sikukusudia kudanganya. Nilitaka sana kufanya kazi yao vizuri, na bado daftari langu halikuwa kweli.

#8 Jicho la Feri

Mama Zawadi, kumbe wewe ndiye uliyepotosha Amerika nzima! Baba Zawadi alitazama mpira saa tatu na taifa halina habari. 😀

#9 Mama Zawadi wa Minesota

Na bado hataki kukiri mpaka leo.

#10 Karani wa Kisumu

Ninaomba kuongeza la upande huu. Miaka ya nyuma nilifanya kazi ya kusambaza na kukusanya daftari za kusikiliza redio katika mji mmoja wa Kenya. Ofisi sitaitaja, kwa sababu yale mabaya niliyoyaona sitaki yamwangukie mtu.

Ninyi mnasema "kumbukumbu" kana kwamba kila mtu alijaribu kukumbuka. Wengi walijaza daftari lote siku ile tuliyokuja kulichukua. Tunabisha lango, tunaambiwa "ngojeni dakika kumi." Baada ya muda nilijifunza kulitambua daftari la namna hiyo kabla sijalifungua. Daftari lililoishi wiki nzima ndani ya nyumba lina pembe zilizokunjika, lina alama ya kikombe, pengine tone la mafuta. La dakika kumi ni safi kama limetoka dukani. Ukilifungua, wino ni mmoja siku zote saba na mkono haubadiliki. Mtu anayejaza kila siku anabadilisha kalamu, siku nyingine anatumia penseli ya mtoto. Halafu kuna saa. Maisha hayaanzi saa kamili, lakini daftari la dakika kumi linaanza kila kitu saa kamili na kumaliza saa kamili, na Jumatano yake inafanana na Jumanne yake kama pacha.

Tulitakiwa kuyakataa. Ila ukikataa mengi sana hufikishi idadi, na msimamizi anakuuliza kwa nini eneo lako halina madaftari. Nilikataa baadhi. Mengine niliyapeleka, na hadi leo nikikumbuka najua kuna kituo kilipata wasikilizaji wa Jumatano ambao hawakuwahi kuwepo.

#11 Fundi Masafa

Karani, hilo la Jumatano pacha ya Jumanne ni alama nzuri sana. Marekani waliliona tatizo hilo mapema, ndiyo maana kwa zile nyumba za daftari za kitaifa waliweka kifaa kingine kando ya televisheni. Hakikujua chaneli, kilihesabu tu televisheni imewashwa saa ngapi, na kila baada ya nusu saa kilimulika taa au kulia kuwakumbusha watu waandike. Daftari likirudi na saa 20 wakati kifaa kimehesabu 45, unajua kuna kitu. Lakini daftari za miji, zile za kutumwa kwa posta kama la Mama Zawadi, hazikuwa na kifaa hicho. Zilitegemea uungwana wa mtu.

#12 Hesabu Ndogo

Habari za jioni. Kabla hatujalaumu daftari au kisanduku, kuna suala la ukubwa wa sampuli, na hapo ndipo magazeti yalikuwa yakiwapotosha watu kila wiki.

Miaka ya 1960 na 1970 sampuli ya kitaifa ya Nielsen ilikuwa nyumba 1,200 hivi. Tuseme nyumba 240 kati ya hizo zimetazama kipindi A. Hiyo ni asilimia 20. Kipindi B kimepata nyumba 228, yaani 19. Gazeti linaandika A kamshinda B. Sasa angalieni:

```
p = 0.20, n = 1200
kosa = 1.96 * sqrt(p*(1-p)/n) = 0.0226
```

Maana yake ile 20 inaweza kuwa popote kati ya 17.7 na 22.3 hivi, kwa bahati ya kuchagua nyumba peke yake. Tofauti ya 20 na 19 haionyeshi chochote. Lakini bei ya tangazo ilipangwa kwa namba hizo, na vipindi vilifutwa kwa namba hizo.

Ukiongeza nyumba hadi 4,000 kosa linapungua, linakuwa karibu pointi 1.2. Nyumba zimeongezeka zaidi ya mara tatu, kosa halijapungua hata kwa nusu. Ndiyo gharama ya hesabu hii.

Mjini ni hatari zaidi. Tuseme mji umerudisha madaftari mazuri, na ndani yake kuna wanawake 60 wa umri ambao mwenye sabuni anawataka. Watatu wameandika habari za saa tano usiku za kituo fulani. Hiyo ni asilimia 5. Akiongezeka mmoja tu, inakuwa karibu 6.7. Kituo kinapandisha bei kwa theluthi kwa sababu ya mama mmoja. Akiugua wiki hiyo, mhariri wa habari anaitwa ofisini.

#13 Jicho la Feri

Huyo mama ni Mama Zawadi, nimeshasema.

#14 Mwana Pangani

Hesabu Ndogo, nyumba 1,200 kwa nchi ya watu milioni mia mbili? Huo ni utapeli wa wazi. Huwezi kuionja bahari kwa kijiko.

#15 Hesabu Ndogo

Unaweza kabisa, kama maji yamechanganyika. Mpishi anaonja sufuria ya watu mia kwa kijiko kilekile anachoonjea sufuria ya watu kumi. Ukubwa wa nchi karibu haumo kwenye hesabu, kilichomo ni ukubwa wa sampuli. Hoja hiyohiyo ilipelekwa bungeni Marekani. Mwaka 1963 kamati ya mbunge Oren Harris iliwahoji wapimaji kwa muda mrefu, na wabunge wengi waliingia na hasira yako ya kijiko. Wataalamu wa takwimu walikuwa wameshaliambia Bunge mwaka 1961 kwamba sampuli ndogo kwa yenyewe si kosa.

Kinachotia wasiwasi ni mpishi anayeonja upande mmoja wa sufuria tu. Yaani nyumba zilizokataa. Ukiwaomba watu mia wafunge kisanduku sebuleni, wengi wanakataa, na waliokataa si sawa na waliokubali. Kosa hilo halipungui hata ukiweka nyumba laki moja.

#16 Fundi Masafa

Hapo kwa Harris niongeze kitu. Kilichoitikisa kamati zaidi ni kuona jinsi kazi ilivyofanywa: mashine mbovu zinazoendelea kuhesabiwa, namba zinazochapishwa na desimali bila neno lolote la kosa. Matokeo yake mwaka 1964 likaundwa baraza la kukagua wapimaji, ambalo lipo hadi leo kwa jina jingine.

Na kuna kisa cha 1966. Mtu aliyewahi kuwa mchunguzi wa kamati hiyohiyo alipata anwani za nyumba kadhaa za Nielsen, akazitumia maswali kwa posta pamoja na pesa kidogo, akiziomba zitazame kipindi fulani ili zijibu maswali kuhusu matangazo yake. Familia hazikujua kwamba zinatumiwa. Nielsen waligundua, wakamshtaki. Katika sampuli ya nyumba 1,200, kila nyumba 12 ni pointi moja nzima. Ndiyo maana majina ya nyumba hizo yalikuwa siri kubwa.

#17 Binti wa Lesta

Nawasalimu kutoka Uingereza. Huku walikuwa na ugomvi wa aina yake. Kabla ya 1981, BBC walikuwa na njia yao: wahojaji wanawauliza watu jana ulitazama nini. ITV ya huku, wapinzani wao wa biashara, walikuwa na kisanduku kwenye televisheni. Basi wiki hiyohiyo, usiku huohuo, BBC wanatangaza wameshinda na ITV wanatangaza wameshinda, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Mwaka 1981 ndipo wakaanzisha BARB, chombo kimoja cha wote.

Sasa swali langu kwa Fundi. Kisanduku cha ITV kiliona televisheni imewashwa. Mhojaji wa BBC alimsikia mtu akisema nilitazama. Televisheni imewashwa na mama yuko jikoni anakaanga, je, huyo ametazama? Mimi naona hawa hawakuwa wanabishana kuhusu namba. Walikuwa wanapima vitu viwili tofauti na kuviita jina moja.

#18 Fundi Masafa

Dada Binti, umegusa penyewe, na ndipo kisanduku cha vitufe kilipozaliwa. Kilitaka kuunganisha vyote viwili: chaneli inajulikana kwa mashine, na mtu anajitaja mwenyewe papo hapo bila kusubiri Jumapili. Waliokipeleka Marekani kwa nguvu ni kampuni ya Kiingereza, AGB. Walikijaribu Boston katikati ya miaka ya 1980, Nielsen akaona akichelewa ataporwa soko, naye akaingia na chake 1987. AGB walikosa wateja wa kutosha, wakafunga huduma yao huko mwaka 1988.

Lakini vitufe vina ugonjwa wake. Taa zinamulika mpaka mtu ajitaje. Mwezi wa kwanza familia inabonyeza kwa furaha. Mwezi wa kumi baba amechoka, anabonyeza cha mtu mmoja taa zinyamaze. Watoto ndio wabaya kabisa. Mtoto wa miaka minne hajui kuhusu kitufe, na akijua atakibonyeza mara ishirini. Kwenye daftari mama aliwavutia mstari mrefu kama alivyofanya Mama Zawadi. Namba za katuni za Jumamosi zilishuka vitufe vilipoingia, na watengenezaji wa vipindi vya watoto walilia sana. Nani alikuwa sahihi, mama au kitufe? Mama alihesabu watoto waliokuwa uani. Kitufe hakikuhesabu watoto waliokuwa sebuleni.

#19 Kibaraza cha Tanga

Hii ni zaidi ya nilivyotegemea, ahsanteni. Lakini Fundi, uzito uko kwenye #5 yako. Ulisema daftari haliwezi kueleza kushuka kwa *nyumba*. Je, uchovu wa vitufe nao unaweza?

#20 Fundi Masafa

Kwa moja kwa moja, hapana. Nyumba inahesabiwa televisheni ikiwashwa, hata kama hakuna aliyebonyeza. Ila kuna mlango wa nyuma. Nyumba yenye data mbovu inaondolewa kwenye hesabu ya siku hiyo. Nyumba gani huharibika zaidi? Zenye televisheni tatu, video, kebo na waya zimesokotana nyuma ya kabati. Hizo mara nyingi ndizo nyumba zenye watu wengi. Ukiondoa hizo ukabaki na nyumba tulivu, namba inashuka bila mtu yeyote kuzima televisheni.

#21 Hesabu Ndogo

Na kuna mlango wa mbele pia. Kuna mtu aliyekubali Audimita, ambayo ukishafungiwa unaisahau. Na kuna mtu aliyekubali kisanduku kinachomdai abonyeze kila siku kwa muda mrefu. Sidhani ni mtu yuleyule. Wa pili huenda ni kijana zaidi, anapenda mitambo, ana kebo. Vituo vyenyewe viliajiri wataalamu wakachunguza, na ripoti ya 1989 ililalamikia mambo haya mawili hasa: waliokubali ni wachache mno, na waliokubali wanachoka.

#22 Mwana Pangani

Mbona hamsemi jambo la wazi? Miaka hiyo kebo ilikuwa inaingia nyumba hadi nyumba, na maduka ya kukodisha kanda za video yalikuwa kila kona. Watu walihama! Mnatafuta mchawi wakati jibu liko sebuleni. Vituo vilikataa namba kwa sababu ziliwauma mfukoni.

#23 Fundi Masafa

Hilo la mfukoni ni kweli tupu. Vituo viliuza matangazo mapema kwa ahadi ya watazamaji kadhaa, na wasipofika kituo kinamlipa mwenye tangazo kwa nafasi za bure. Mwaka 1990 nafasi za kulipa deni zilikuwa nyingi mno, wakataka ahadi zikokotolewe kwa mwenendo wa miaka kadhaa badala ya namba ya sasa peke yake. Ila kuhama kwa watu hufanyika polepole, mwaka hadi mwaka, mstari unateremka kama mlima wa Usambara. Malalamiko ya 1990 yalikuwa kwamba mstari umekatika ghafla kama ukingo wa korongo, ndani ya miezi michache. Kebo haikuingia nyumba zote kwa miezi mitatu.

#24 Mwana Pangani

Sawa, ila hata ukingo wa korongo huanza na mmomonyoko wa chini usiouona. Sibadilishi msimamo.

#25 Nyota ya Jioni

Sasa nimeelewa mada, samahani kwa lile la mwanzo. Nauliza, king'amuzi changu cha nyumbani nacho kinaniandika?

#26 Hesabu Ndogo

Hilo ni la uzi mwingine dada, fungua tutakuja.

#27 Karani wa Kisumu

Hapo kwa "nani amekubali" nina kisa. Upande wetu kulikuwa na mtaa wa mabanda na mtaa wa nyumba za lango. Mabandani tulikaribishwa hadi ndani, tukapewa kigoda. Kwenye malango tuliambiwa na mlinzi mwenye nyumba hayupo, wiki tatu mfululizo. Tukifanya hesabu mwisho, watu wa malango waliopatikana ni wachache, kwa hiyo kila mmoja alibebeshwa uzito mkubwa kuwakilisha wenzake waliokataa. Nakumbuka mwanamume mmoja tu wa umri fulani aliyetukubalia. Alikuwa anapenda kituo kimoja cha muziki wa zamani. Kituo kile kilipanda sana robo mwaka ile, na watangazaji wake walisherehekea hewani.

Jingine ni la magari ya matatu. Mtu anapanda asubuhi na kurudi jioni, saa mbili kwa siku anasikia redio ya dereva. Kwenye daftari anaandika kituo anachokipenda yeye, kwa sababu ndicho anachokiona chake. Nilimuuliza mama mmoja, akanijibu, "Hiyo ni ya dereva, mimi sikuisikiliza, niliisikia."

#28 Binti wa Lesta

Karani, sentensi ya huyo mama ningeipeleka darasani kwa Kibaraza. *Sikuisikiliza, niliisikia.*

#29 Fundi Masafa

Na Marekani redio ilipata kipimo kinachohesabu kusikia. Arbitron, kampuni ya kupima wasikilizaji wa redio, walileta kifaa cha kuvaa kiunoni ambacho hunasa alama isiyosikika iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo. Mwaka 2007 kikaanza kutumika rasmi Houston na Filadelfia badala ya daftari. Ghafla ikaonekana mtu mmoja anapitia vituo vingi kuliko alivyokuwa akiandika, na kila kimoja kwa muda mfupi zaidi. Vituo vinavyosikilizwa na Weusi na Walatino viliporomoka, vikadai sampuli haiwachukui watu wao vya kutosha, na mwaka 2008 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akaipeleka kampuni mahakamani. Walimalizana mwaka uliofuata kwa makubaliano ya kurekebisha sampuli.

Mlalamikaji aliyekosa kusikika zaidi alikuwa sauti yenyewe. Alama hujificha chini ya sauti nzito. Kituo cha muziki mzito kina pa kuificha muda wote, lakini mtu anayeongea taratibu, na kunyamaza katikati, anaiacha alama bila kificho. Miaka michache baadaye likatokea boksi la kununua la kuinenepesha alama hiyo, na vituo vikakimbilia kulinunua. Sasa niambieni, kituo kikipanda baada ya kununua boksi, kimepata wasikilizaji au kimepata boksi?

#30 Mama Zawadi wa Minesota

Nimesoma yote leo asubuhi baada ya zamu. Kibaraza, kuhusu swali lako la mwanzo, mimi nina swali la mtu aliyejaza. Ile Jumatano yangu, safu yangu mimi niliiacha tupu kwa sababu nilikuwa kazini. Lakini kule wodini kuna televisheni ukutani, na wagonjwa sita walikuwa wanatazama, na mimi napita naangalia kila ninapobadilisha dripu. Hakuna aliyetuhesabu. Kwenye kisanduku cha vitufe tungehesabiwa?

#31 Fundi Masafa

Hapana, mama. Kisanduku kilikuwa cha nyumba tu. Hospitali, baa, hoteli, bweni la chuo, vyote nje. Wanafunzi waliokuwa mabwenini walianza kuingizwa pamoja na nyumba za wazazi wao Januari 2007, na vipindi vya vijana vikapanda bila kuongeza mtazamaji hata mmoja.

#32 Kibaraza cha Tanga

Kwa hiyo kuna wagonjwa sita na nesi mmoja ambao hawakuwemo kwenye daftari wala kwenye kisanduku. Mama Zawadi, nikiruhusiwa, wiki ijayo nitaanza somo na daftari lako na madaftari safi ya Karani, halafu niwape wanafunzi namba za Hesabu Ndogo wabishane wenyewe. Karani, una hata nakala moja tupu iliyobaki?

#33 Karani wa Kisumu

Ipo moja, ina alama ya kikombe. Hiyo ni yangu, nilijijazia mwenyewe wiki moja nione kama inawezekana. Nilifika Ijumaa.